Kumbukumbu za Kamati ya Maadili ya Utafiti: Somo la Andiko Lililoahirishwa

Utangulizi

Wanachuo wetu huja chuoni wakiwa wamekwisha kuzoea kuandika kumbukumbu za vikao. Wengi wao wamewahi kuwa makatibu wa kamati za shule, za vyama vya ushirika au za arusi, nao wanajua kuandika mahudhurio, ajenda, yatokanayo na kufunga kikao. Hata hivyo, tunapowapa kazi ya kuandika kumbukumbu za kamati ya maadili ya utafiti, huandika mambo ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Sababu yake ni kwamba kumbukumbu za kamati hii zina msomaji wa namna nyingine. Mtafiti ambaye andiko lake limejadiliwa hakuwamo kikaoni, na mara nyingi wajumbe watakaolipitia andiko hilo kwa mara ya pili nao hawatakuwa wale wale. Tena yupo mtu wa tatu, ambaye hatazisoma kumbukumbu hizo kamwe, lakini usalama wake unategemea jinsi zilivyoandikwa. Huyo ni mtu atakayeulizwa maswali na mtafiti.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kufundisha sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kuandika uamuzi wa kamati, masharti yake, na sababu za kuliahirisha andiko. Tumechagua mfano wa kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Mkoa huo unafahamu vema kugongewa mlango na watafiti. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kati ya mwaka 1991 na 1994 kaya zaidi ya 800 za mkoa huo zilitembelewa tena na tena katika uchunguzi wa afya na maendeleo, na watu wa kaya hizo wakatafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010. Kwa hiyo, mwanachuo atakayefundisha Karagwe, au Kyerwa iliyotengwa kuwa wilaya mwaka 2012, huenda siku moja akaombwa na mtafiti amwitie wanafunzi fulani kutoka darasani. Inafaa ajue mapema ni maswali gani yapasa kuulizwa kabla ya kuwaita.

Mambo ya kujulikana kabla ya somo

Mwalimu na aanze kwa kueleza kwa ufupi kamati zilivyo. Utafiti wa afya nchini Tanzania hupitiwa na kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo iliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Vyuo vikuu na taasisi kadhaa zina kamati zao wenyewe. Somo letu linaihusu kamati ya chuo cha mfano, inayopitia maandiko ya utafiti wa elimu.

Kisha wanachuo waelezwe akidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2000 unataka akidi isiwe ya watu wa taaluma moja tu au wa jinsia moja tu. Aidha, unataka awemo walau mjumbe mmoja asiye mwanasayansi na walau mmoja asiye wa taasisi ile. Mjumbe mwenye maslahi katika andiko hutoka wakati wa mjadala na uamuzi. Katibu asipoandika kwamba mjumbe huyo alitoka, uamuzi wote unaweza kutiliwa shaka. Hapa pana hesabu ndogo ambayo wanachuo huisahau. Kamati yetu ya mfano ina wajumbe tisa, na akidi yake ni watano. Kama wamehudhuria sita, na mmoja akatoka, wanabaki watano na kikao kinaendelea. Kama wametoka wawili, wamebaki wanne, na andiko hilo haliwezi kuamuliwa siku hiyo. Basi akidi haihesabiwi wakati wa kufungua kikao tu, bali huhesabiwa tena kwa kila andiko.

Mwisho, zielezwe aina nne za uamuzi. Andiko laweza kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, kuahirishwa au kukataliwa. Aina ya kwanza na ya nne hazileti taabu. Ugumu uko katikati, yaani kutofautisha andiko lililokubaliwa kwa masharti na lililoahirishwa. Tumeona kwamba mwanachuo akilielewa jambo hili moja, mengine huyafahamu bila shida.

Andiko la mfano

Andiko tunalolitumia tumelibuni kwa ajili ya somo, na shule tunazozitaja ni za kubuni pia. Mwalimu awasomee wanachuo maelezo haya mara mbili.

Mtafiti mmoja ataka kujua jinsi kufiwa na wazazi kunavyoathiri mahudhurio ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Atafanya kazi hiyo katika shule tatu za msingi katika kata ya Kanoni. Mwalimu wa darasa atatoa orodha ya yatima, na mtafiti atawaita mmoja mmoja watoke darasani. Kila mtoto atahojiwa kwa dakika arobaini katika ofisi ya walimu. Swali la 14 linauliza mzazi alifariki kwa ugonjwa gani. Walezi wataandikiwa barua, itakayopelekwa nyumbani na mtoto mwenyewe. Mlezi asiyetaka mtoto ahojiwe atairudisha barua ikiwa imetiwa sahihi, na asiyeirudisha atahesabiwa kuwa amekubali. Mwalimu mkuu atatia sahihi kwa niaba ya shule. Kila mtoto aliyehojiwa atapewa daftari nne na mche wa sabuni. Watoto hao watatafutwa tena baada ya miaka mitatu, lakini fomu ya ridhaa haisemi hivyo. Tena fomu hiyo haina namba ya simu ya katibu wa kamati.

Hatua ya kwanza: Kutenganisha kasoro

Wanachuo wajigawe katika vikundi vya watano watano, na kila kikundi kiorodheshe kasoro za andiko. Kwa kawaida kasoro zote hupatikana katika muda wa dakika ishirini. Baada ya hapo mwalimu achore mstari katikati ya ubao na aulize swali hili moja kwa kila kasoro: Je, katibu akiletewa andiko lililosahihishwa, aweza kuona kwa macho yake kwamba sahihisho limefanyika, bila ya kuhitaji kamati ipime upya?

Tuanze na namba ya simu. Katibu atafungua fomu na kuiona namba imo au haimo. Hakuna la kupimwa. Kadhalika sentensi ya kumjulisha mlezi kwamba mtoto atatafutwa tena baada ya miaka mitatu. Kamati yaweza kuitunga sentensi hiyo papo hapo na kuagiza iandikwe. Kasoro hizi mbili ziandikwe upande wa kushoto, nazo ni mambo ya masharti.

Sasa tuje kwenye ridhaa ya walezi. Kamati yaweza kusema kwamba kunyamaza si kukubali. Lakini mtafiti atawafikiaje walezi? Barua imeandikwa kwa Kiswahili, na mlezi ni bibi ambaye pengine hajui kusoma, tena anazungumza Kinyambo zaidi ya Kiswahili. Barua yenyewe imebebwa na mtoto, ambaye aweza kuisahau mfukoni. Na kama mtoto anaishi leo kwa shangazi na kesho kwa kaka yake mkubwa, mlezi ni nani? Sahihi ya mwalimu mkuu haijibu swali hilo, kwa kuwa mwalimu mkuu anaweza kuruhusu shughuli ifanyike shuleni, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya mlezi. Mtafiti ataleta utaratibu mpya, na utaratibu huo utahitaji kupimwa na kamati. Basi kasoro hii iende upande wa kulia.

Vivyo hivyo kuhusu kuwaita watoto kwa orodha. Wanafunzi arobaini waliobaki darasani wataona ni nani walioitwa, na jioni wataona ni nani wenye daftari mpya na sabuni. Katika kata ambayo watu wote wanajuana, mtoto atakuwa amebandikwa alama. Swali la 14 likiongezwa juu yake, mtoto aliyetoka katika ofisi ile atadhaniwa kuwa ametoka kueleza habari za UKIMWI nyumbani kwao, hata kama mzazi wake alikufa kwa ajali. Tena huenda mtoto mwenyewe hajaambiwa mzazi alikufa kwa nini, na swali likamfanya aanze kujiuliza mbele ya mgeni. Mtafiti anaweza kulifuta swali hilo, au akaeleza kwa nini utafiti hauwezi kufanyika bila ya jawabu lake na jinsi mtoto atakavyosaidiwa akihuzunika. Kamati haiwezi kumchagulia. Kwa hiyo kasoro hizi mbili nazo ziwe upande wa kulia.

Mstari wa ubaoni sasa umemaliza kazi. Kama kasoro zote zingekuwa kushoto, andiko lingekubaliwa kwa masharti na katibu angeyahakiki. Kwa kuwa ziko tatu upande wa kulia, andiko linaahirishwa na litarudi mbele ya kikao kizima. Hata ingekuwako moja tu upande huo, uamuzi ungekuwa ule ule.

Hatua ya pili: Kuandika

Wanachuo waandike uamuzi huo kabla ya kuonyeshwa mfano. Wengi huandika kama ifuatavyo:

"Andiko lilijadiliwa kwa kirefu. Wajumbe walitoa maoni mbalimbali. Iliamuliwa liahirishwe kwa sababu za kimaadili, na mtafiti aboreshe suala la ridhaa."

Mwalimu asiyakosoe maandishi hayo mwenyewe. Amchague mwanachuo mmoja awe mtafiti, ampe kumbukumbu hizo, na amwulize: Utafanya nini kesho asubuhi? Atajibu kwamba ataandika barua ndefu zaidi kwa walezi, au kwamba atamwomba mwalimu mkuu atie na mhuri. Orodha na swali la 14 vitarudi kama vilivyokuwa. Mwezi unaofuata kamati italiahirisha andiko kwa mara ya pili, kwa sababu ambazo mtafiti hakuambiwa mara ya kwanza, naye atasema kwa haki kwamba kamati inamchezea. Mfano huu huwafundisha wanachuo kuliko maelezo ya saa nzima.

Baada ya hapo wapewe mfano ufuatao wauandike katika daftari zao:

"4. Andiko la Pili: Mahudhurio ya wanafunzi waliofiwa na wazazi, kata ya Kanoni.

4.1 Mjumbe mmoja, ambaye ni msimamizi wa mtafiti, alitoka kabla ya mjadala kuanza na akarudi baada ya uamuzi. Wajumbe watano walibaki. Akidi ilitimia.

4.2 Uamuzi: Andiko limeahirishwa. Waliokubali kuahirisha ni wanne, aliyekataa ni mmoja, asiyepiga kura hakuwapo.

4.3 Sababu za kuahirisha:

(a) Ridhaa ya walezi (ukurasa wa 6). Kunyamaza kwa mlezi kumehesabiwa kuwa ridhaa. Barua yaweza isifike au isieleweke, hivyo kamati haiwezi kuthibitisha kwamba walezi watajua watoto wao wanaulizwa nini. Mtafiti alete utaratibu wa kuwaeleza walezi kwa lugha wanayoielewa na kupata ridhaa yao kwa sahihi, au kwa dole gumba mbele ya shahidi. Aeleze pia jinsi mtoto mwenyewe atakavyoulizwa kama anakubali.

(b) Kuwapata watoto (ukurasa wa 4) na zawadi (ukurasa wa 9). Kuitwa kwa orodha na kupewa zawadi peke yao kutawatambulisha yatima mbele ya wenzao. Mtafiti alete njia isiyowatenga.

(c) Swali la 14. Laweza kufichua au kudhaniwa kufichua ugonjwa wa familia, na kumhuzunisha mtoto. Mtafiti alifute, au aeleze ulazima wake na msaada utakaokuwapo.

4.4 Mambo mengine ya kusahihishwa: Fomu itaje kwamba mtoto atatafutwa tena baada ya miaka mitatu, na kwamba mlezi ana hiari ya kukataa wakati huo. Fomu iwe na namba ya simu ya katibu wa kamati.

4.5 Hoja iliyopingwa: Mjumbe mmoja alionelea kwamba kudai sahihi za walezi kutawaacha nje watoto wasio na mlezi maalumu, ambao ndio wenye taabu zaidi. Kamati ilikubali kwamba hatari hiyo ipo, lakini ikaona kwamba inamtaka mtafiti abuni njia ya kumtambua mlezi, kwa kushauriana na afisa ustawi wa jamii, wala haihalalishi kunyamaza kuhesabiwe ridhaa.

4.6 Andiko litarudi mbele ya kikao kizima. Kazi yoyote ya kukusanya habari isianze."

Maelezo juu ya mfano

Wanachuo watazame kwamba kila sababu katika 4.3 ina sehemu tatu: mahali kasoro ilipo katika andiko, madhara yanayoogopwa na ni nani atakayeyapata, na jambo linalotakiwa kuletwa. Sehemu ya kati ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Mtafiti akiambiwa tu kwamba alete njia nyingine ya kuwapata watoto, aweza kuacha orodha ya mwalimu na badala yake akawaomba yatima wainue mikono. Lakini akiambiwa kwamba kinachoogopwa ni kutambulishwa mbele ya wenzao, atafahamu mwenyewe kwamba mikono nayo haifai. Huenda akaamua kuwahoji watoto wote wa madarasa hayo, na kuwatenganisha yatima baadaye katika karatasi zake.

Watazame pia 4.5. Wanachuo hupenda kuiacha hoja iliyoshindwa, wakidhani kwamba kumbukumbu zapasa kuonyesha umoja. Kanuni za serikali ya Marekani juu ya ulinzi wa watu katika utafiti zinataka kumbukumbu zionyeshe idadi ya waliokubali, waliokataa na wasiopiga kura, sababu za kudai mabadiliko, pamoja na muhtasari wa mambo yaliyobishaniwa na jinsi yalivyomalizwa. Kuna faida mbili. Kikao kijacho hakitaanza ubishi ule upya, na mtafiti atajua kwamba hatari ya kuwaacha watoto wasio na mlezi nayo atapaswa kuijibu. Lakini jina la mjumbe aliyetoa hoja halitajwi. Linalotunzwa ni hoja, ili mjumbe awe huru kusema hata kama mtafiti ni mkubwa wake kazini.

Andiko la kulinganisha

Ili wasidhani kwamba kila kasoro huahirisha, wapewe andiko la pili, la kubuni pia. Mtafiti ataka kuzungumza na walimu wa darasa la kwanza wa Kanoni juu ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili watoto waliokulia katika Kinyambo. Atayarekodi mazungumzo, lakini hakusema atazitunza wapi sauti hizo wala atazifuta lini. Waliohojiwa ni watu wazima, na swali lenyewe halimfedheheshi mtu. Hapa kamati itaandika: "Andiko limekubaliwa kwa masharti. Mtafiti aongeze katika fomu kwamba sauti zitahifadhiwa kwa siri na kufutwa baada ya kunakiliwa. Katibu atahakiki. Kazi isianze kabla ya barua ya katibu."

Katika andiko hili mjumbe mmoja alipenda walimu wa darasa la pili nao wahojiwe. Hilo ni shauri jema la utafiti, lakini si sharti, kwa maana hakuna atakayedhurika wasipohojiwa. Liandikwe chini ya kichwa cha habari "Mashauri", na mtafiti awe huru kuliacha. Kumbukumbu zinazochanganya mashauri na masharti humfanya mtafiti ashindwe kujua lipi litamzuia kuanza kazi.

Makosa ya kuangaliwa wakati wa kusahihisha

Kosa la kwanza ni kutumia neno "kuahirisha" kwa maana ya kukataa kwa adabu. Kama kamati inaona kwamba hakuna sahihisho litakaloliponya andiko, basi ilikatae na itoe sababu. Dalili ya kosa hili ni kuahirisha kusikosema mtafiti alete nini.

Kosa la pili ni kuacha kutaja ni nani atakayehakiki. Sharti lisilo na mhakiki hubaki karatasini, na mtafiti huanza kazi akidhani amekwisha kuruhusiwa.

Kosa la tatu ni kuchelewa. Mwongozo wa mwaka 2000 tulioutaja unapendekeza mwombaji aandikiwe uamuzi katika muda wa wiki mbili baada ya kikao. Katibu anayengoja mwezi mzima huandika kwa kukumbuka, na sehemu inayopotea kwanza ni ile ya madhara.

Zoezi

Wanachuo waandike kumbukumbu za kikao cha pili, ambapo mtafiti wa Kanoni amerudi. Sasa atawatembelea walezi nyumbani akiwa na mkalimani wa Kinyambo, atawahoji wanafunzi wote wa darasa la tano na la sita, na amelifuta swali la 14. Lakini mkalimani aliyemchagua ni mwalimu wa shule mojawapo kati ya zile tatu. Kikundi kimoja kitaona kwamba yatosha kuagiza mkalimani mwingine, na kingine kitaona kwamba mlezi hawezi kumkatalia mwalimu wa mtoto wake, hivyo utaratibu wote wa ziara upimwe upya. Mwalimu asiwaamulie upesi. Warudishwe kwenye swali la ubaoni, kila kikundi kiandike sababu yake kwa sehemu zile tatu, kisha wabadilishane karatasi. Kikundi kinachopokea kijifanye ndicho mtafiti, na kiseme kwa sauti kitafanya nini kesho asubuhi. Pale ambapo hakiwezi kusema, kumbukumbu zirudishwe kwa walioziandika ziandikwe upya.